Kwa nini mshumaa na kuni huwaka njano na gesi huwaka bluu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wengi huanza kujiuliza kuhusu rangi ya moto siku jiko la gesi linapobadilika na kuanza kuwaka njano, au sufuria inapoanza kupaka masizi bila sababu inayoonekana. Majibu ya hapa chini yana mzizi mmoja: kile kinachoungua kilikutana na hewa wapi, kabla ya kufika motoni au kikiwa tayari kimo ndani ya moto?

Kwa nini mwali wa mshumaa ni wa njano?

Unachokiona kiking'aa njano ni masizi yaliyopata moto mkali. Nta huyeyuka, hupanda kwenye utambi, kisha hugeuka mvuke. Mvuke huo ndio unaoungua. Utambi ni njia tu ya kuufikisha juu. Sasa tazama mahali vitu vilipo: mvuke uko ndani ya mwali, hewa iko nje, na vinakutana kwenye utando mwembamba unaouzunguka mwali. Mvuke ulio katikati unapata joto kali lakini haupati oksijeni ya kutosha. Molekuli zake zinavunjika, na kaboni iliyomo inaanza kushikamana hadi kuwa punje ngumu zenye upana wa makumi machache ya nanomita. Jicho haliwezi kuona punje moja moja.

Ndani ya mwali punje hizo hufikia takriban nyuzi 1,200 hadi 1,400 za Selisiasi, na kitu chochote kigumu kikifika joto hilo hutoa mwanga wake chenyewe, kama chuma kinachotolewa kwenye tanuri la mhunzi. Kisha punje zinapanda kuelekea nchani, zinakutana na hewa na kuungua. Mshumaa unaowaka vizuri hutengeneza masizi na kuyamaliza wenyewe kabla hayajatoka, ndiyo maana huoni moshi. Utambi ukiwa mrefu mno, mvuke unazidi, masizi yanakuwa mengi kuliko hewa inavyoweza kumaliza, na ncha ya mwali inaanza kutoa uzi mweusi. Kata utambi ubaki kama milimita 6 na moshi huo utakoma. Upepo unaoutikisa mwali nao hutoa moshi, kwa sababu sehemu ya masizi inapozwa kabla ya kuungua.

Nitathibitishaje kwamba ni masizi kweli?

Chukua kijiko cha chuma kilicho baridi, ukishike kwa kitambaa, na uingize mgongo wake katikati ya sehemu ya njano kwa sekunde tatu hivi. Utatoka na doa jeusi la unga laini. Yale masizi yaliyokuwa yanang'aa yamegusa chuma baridi, yamepoa na kunasa hapo. Futa kijiko, kipoe, kisha kipitishe juu kidogo ya mwali wa bluu wa gesi. Safari hii utaona ukungu wa maji unaotokea na kupotea, lakini hakuna weusi. Maji hayo ni haidrojeni ya gesi iliyoungana na oksijeni ya hewa.

Kuna njia nyingine ambayo Michael Faraday aliwaonyesha vijana katika mihadhara yake ya mshumaa kwenye Royal Institution jijini London, mwishoni mwa mwaka 1860. Weka mshumaa unaowaka mbele ya ukuta mweupe, kwenye jua kali. Mwali wenyewe utatupa kivuli ukutani, na sehemu inayong'aa zaidi ndiyo yenye kivuli cheusi zaidi. Gesi tupu isingezuia mwanga namna hiyo. Kuna vitu vigumu mle ndani vinavyouzuia.

Basi rangi ya bluu ya gesi inatoka wapi?

Inatoka kwa molekuli zenyewe. Gesi inapovunjika na kuungana na oksijeni, kwa muda mfupi sana huzaliwa vipande vya molekuli visivyodumu. Viwili vina kazi kubwa hapa: kaboni moja iliyoshikana na haidrojeni moja (CH), na kaboni mbili zilizoshikana zenyewe (C₂). Vipande hivi huzaliwa vikiwa na nishati ya ziada, na huiacha nishati hiyo kwa kutoa mwanga wa rangi maalumu. CH hutoa zambarau inayoelekea bluu, karibu na nanomita 431. C₂ hutoa bluu na kijani, na mkanda wake wa kijani uko karibu na nanomita 516. Jicho likizichanganya, linaona ule ubluu wenye ukijani kidogo wa koni ndogo ya ndani juu ya kila tundu la jiko.

Mwanga huo upo hata kwenye mshumaa. Tazama kwa makini chini kabisa ya mwali, pale utambi unapoanzia: kuna kikombe chembamba cha bluu. Hapo hewa inaingia kutoka chini na kuuwahi mvuke kabla masizi hayajaundwa. Juu kidogo ubluu unafunikwa na unjano, kwa sababu masizi hung'aa kwa nguvu zaidi mara nyingi.

Jiko la gesi hufika kwenye ubluu kwa hila moja tu. Gesi inatoka kwa kasi kwenye tundu dogo la nozeli, inavuta hewa kupitia mdomo wa bomba la kichwa cha jiko, na vyote viwili vinachanganyika njiani. Kwa jiko la kawaida la nyumbani, karibu nusu ya hewa inayohitajika huingia kwa njia hii, na iliyobaki mwali unaichukua pembeni baada ya kuwaka. Nusu hiyo inatosha kuzuia masizi yasizaliwe.

Kwa hiyo rangi inategemea mafuta, au inategemea hewa?

Kwa sehemu kubwa inategemea hewa, na ushahidi mzuri uko jikoni kwetu. Mafuta ya taa yakitiwa kwenye kibatari huwaka njano na kupaka dari weusi. Mafuta yale yale kwenye jiko la mchina lenye tambi zilizopangwa sawa huwaka bluu, kwa sababu mvuke wake unapanda kati ya mabati mawili yenye matundu, hewa inapenya kwenye matundu hayo na kuchanganyika nao. Utambi mmoja ukiwa juu kuliko mingine, upande ule unageuka njano mara moja.

Karabai inaonyesha jambo hilo hilo kwa namna nyingine. Mafuta ya taa yanageuzwa mvuke kwa joto, yanachanganywa na hewa, na yanawaka bluu, mwali wenye joto lakini usio na mwanga wa kusomea. Ndiyo maana kile kifuko cha kitambaa kinahitajika: kinachukua joto la mwali wa bluu na kung'aa badala ya masizi. Kifuko cha namna hiyo kilivumbuliwa na Carl Auer von Welsbach wa Austria, aliyepata hataza mwaka 1885.

Hata hivyo, mafuta nayo yana neno. Spiriti huwaka bluu hafifu hata bila kuchanganywa na hewa kwanza, kwa sababu molekuli yake ina oksijeni ndani yake na kaboni chache. Mchana moto wa spiriti karibu hauonekani. Usimimine spiriti wala kitakasa mikono kwenye kitu unachodhani kimezimika.

Je, bluu ina maana ya moto mkali kuliko njano?

Mara nyingi mwali wa bluu wa gesi una joto zaidi, lakini si joto linaloufanya uwe bluu. Watu huchanganya mambo mawili. Kwa kitu kigumu kinachong'aa, rangi inafuata joto: kipande cha mkaa huanza kuonekana chekundu cheusi kwenye nyuzi 600 na kitu, kinakuwa cha machungwa karibu na nyuzi 1,000, na njano inayoelekea weupe juu ya nyuzi 1,200. Unaweza kusoma joto la mkaa, chuma au masizi kwa macho. Mwali wa bluu hausomwi hivyo. Kama rangi yake ingetokana na joto peke yake, ungepaswa kuwa na joto kuliko uso wa jua.

Kinachofanya mwali wa gesi uliochanganywa vizuri uwe na joto ni kwamba mwako wote unaishia mahali padogo, na hakuna masizi yanayotupa nishati pembeni kama mwanga. Kwa propani na hewa kikomo cha juu ni karibu nyuzi 1,980. Sufuria haifiki hapo, lakini inapata sehemu kubwa zaidi ya joto kwa gesi ile ile.

Jiko langu la gesi limeanza kuwaka njano. Nifanye nini?

Anza kwa kuangalia kama ni kichwa kimoja au ni vyote. Tuchukue jiko la pleti mbili: pleti ya kushoto inawaka bluu, ya kulia ina miali mirefu ya njano inayoyumba, na sufuria yake inatoka na weusi. Mtungi ni mmoja, regulata ni moja, mpira ni mmoja. Tatizo basi liko kwenye pleti ya kulia peke yake, na karibu kila mara ni upungufu wa hewa.

Funga mtungi, acha jiko lipoe. Toa kifuniko cha kichwa na pete yake, vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, na upitishe brashi kwenye matundu. Uji uliofurika na mafuta ya kukaangia ndivyo huziba zaidi. Vikaushe kabisa kabla ya kuvirudisha. Kisha chungulia ndani ya bomba linalotoka kwenye nozeli kwenda kichwani. Buibui hupenda sana mahali hapo, na utando mdogo unatosha kupunguza hewa. Nyigu wanaojenga kwa udongo nao huziba. Safisha kwa brashi nyembamba ya chupa.

Nozeli usiitoboe kwa sindano. Tundu lake kwa kawaida halifiki hata milimita 1, na ukilipanua kidogo tu umeharibu hesabu yote. Tundu la milimita 0.7 likiwa milimita 0.8, eneo lake linaongezeka kwa karibu asilimia 31, na gesi inaongezeka kwa kiasi hicho hicho, ilhali njia ya hewa imebaki ilivyokuwa. Utakuwa umetengeneza mwali wa njano wa kudumu. Nozeli iliyoziba ipulizwe kwa hewa au ibadilishwe kwa nyingine ya kipimo kile kile. Namba yake huwa imechorwa ubavuni.

Kama usafi haukutosha, tafuta kizibo cha hewa: kibati kinachozunguka mdomoni mwa bomba, karibu na nozeli, mara nyingi kikiwa kimebanwa kwa skrubu moja. Washa moto wa kati, legeza skrubu, fungua kibati taratibu. Ncha za njano zitafupika, zitapotea, na koni za ndani zitakuwa kali na zenye mipaka inayoonekana. Simama hapo. Ukiendelea kufungua, mwali utaanza kuvuma na kuruka juu ya matundu bila kuyagusa, dalili kwamba hewa imezidi. Rudisha kidogo, kisha kaza skrubu. Ukisikia mlio mdogo na moto ukawa unawaka ndani ya bomba, zima mara moja, acha lipoe, halafu punguza hewa.

Baada ya kufungua chochote, pima uvujaji kwa povu la sabuni kwenye viungio. Kamwe usitumie kiberiti.

Na kama pleti zote zinawaka njano?

Hapo tazama nyuma ya jiko. Mtungi unaokaribia kuisha ni sababu ya kawaida. Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, butani karibu na sifuri, kwa hiyo propani hutangulia kutoka na butani hubaki nyingi mwishoni. Presha inashuka, gesi inatoka nozelini kwa uvivu na inavuta hewa kidogo. Ujazo mmoja wa propani unahitaji takriban ujazo 24 wa hewa, wakati butani inahitaji 31. Mahitaji yanapanda huku uwezo wa kuvuta hewa ukishuka. Ukibadilisha mtungi na ubluu ukarudi, umepata jibu. Usiulaze mtungi ili umalizie gesi ya mwisho, kwa sababu ukiulaza gesi inaweza kutoka ikiwa bado kimiminika na kuwa mwali mkubwa wa njano usioshikika.

Kama jiko ni jipya na linawaka njano tangu siku ya kwanza, huenda nozeli zake ni za gesi asilia. Methani inahitaji hewa takriban mara 10 tu ya ujazo wake, hivyo nozeli zake huwa na matundu mapana. Fundi anapaswa kuzibadilisha zote. Kugeuza kibati hakutatosha.

Mwali ni wa bluu lakini unarukaruka rangi ya machungwa. Ni hatari?

Kwa kawaida hapana. Ni chumvi. Sodiamu kidogo sana ikiingia kwenye mwali hutoa rangi ya njano ya machungwa, nanomita 589, nayo hufunika rangi nyingine zote. Maji ya wali yakifurika, vumbi likipeperushwa ulipofagia, au upepo wa bahari ukileta chumvi, utaona cheche hizo. Nyunyiza chembe mbili tatu za chumvi kwenye mwali uone mwenyewe.

Tofauti ni hii: njano ya masizi ni mwali mrefu, mlaini, unaokaa palepale na kupaka kijiko weusi. Rangi ya chumvi huja na kuondoka, umbo la mwali halibadiliki, na kijiko hubaki safi. Kijiko kikitoka safi huna haja ya kugusa kibati cha hewa.

Mwali wa bluu unamaanisha hakuna gesi ya sumu?

Hapana, na hili tunaomba lisomwe polepole. Mwali wa njano wa gesi unakuonya kwamba mwako haujakamilika na kwamba kaboni monoksaidi inaweza kuwapo. Lakini bluu si cheti cha usalama. Sufuria pana na baridi ikikaa chini mno inapoza mwali kabla mwako haujaisha, na kaboni monoksaidi inatoka huku rangi ikiwa nzuri.

Mkaa ndio mfano ulio wazi zaidi. Hewa inaingia chini ya jiko, kaboni inaungua na kuwa kaboni dayoksaidi, nayo ikipanda katikati ya makaa mekundu inageuka kaboni monoksaidi. Ikifika juu na kukuta hewa na joto la kutosha, inawaka: ule mwali mwepesi wa bluu unaocheza juu ya makaa ni kaboni monoksaidi ikiungua mbele ya macho yako. Moto ukitulia, mwali huo ukizimika na makaa yakabaki mekundu, gesi inaendelea kutoka bila kuungua. Haina rangi wala harufu. Jiko la mkaa lisilotoa moshi si salama kulala nalo, hata likiwa limefunikwa na majivu. Kichwa kikiuma, kichefuchefu kikaja au watu wakalegea chumbani, tokeni nje kwanza, kisha tafuteni matibabu.

Kuni je? Kwa nini haziwaki bluu kamwe?

Kuni kavu zikipashwa moto hutoa gesi na mivuke. Sehemu kubwa ya uzito wake hutoka hivyo, na kinachobaki ni mkaa. Gesi hizo zinatoka bila mpangilio na kukutana na hewa nje, kama kwenye mshumaa, kwa hiyo masizi yanazaliwa na mwali unakuwa njano. Sodiamu iliyomo kwenye majivu inaongeza njano yake. Kuni mbichi zinatumia joto kuchemsha maji yake kwanza: mwali unakuwa mwekundu na mvivu, na mivuke inatoroka kama moshi mweupe au wa kijivu.

Moshi ni mafuta yaliyopotea. Ndiyo sababu majiko bora ya kuni huingiza hewa ya pili, iliyopata joto, kupitia matundu ya juu ya chemba. Utaona vimiali vikianzia kwenye matundu hayo, na chini yake moshi unaisha. Mwali bado utakuwa njano, kwa hiyo kwenye kuni usitafute bluu. Tazama kama kuna moshi juu ya ncha.

Kuni zangu zimetoa mwali wa kijani. Ni nini?

Mara nyingi ni shaba. Inaweza kutoka kwenye waya au rangi ya mbao, lakini kinachotia wasiwasi zaidi ni vipande vya nguzo na mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa. Dawa moja inayotumika sana ni mchanganyiko wa shaba, kromi na aseniki, na mbao zake huwa na ukijani hata kabla ya kuchomwa. Aseniki hutoka na moshi na hubaki kwenye majivu, kwa hiyo usipikie mbao hizo, na majivu yake usiyatupe bustanini. Kutoona kijani si uthibitisho kwamba mbao ni safi, kwa sababu njano ya masizi na sodiamu huweza kuifunika. Amini rangi ya mbao na mahali zilikotoka kabla ya kuamini mwali.